Mifuko ya hewa, miguu au winchi: utatuaje Mirihi na mzigo wa tani moja?

Muhula huu nimewapa vijana wangu wa kidato cha tano, hapa Kurasini, kazi moja. Chombo cha utafiti chenye kilo elfu moja kinakwenda Mirihi. Kichagulieni namna ya kutua, kisha mtetee uchaguzi wenu kwa hesabu. Njia zilizo mezani ni tatu, na zote zimeshatumika huko kweli: kukivika mifuko ya hewa kikadunda hadi kitulie, kukiwekea miguu na roketi chini ya tumbo, au kukining'iniza kwa kamba chini ya mtambo unaoelea na kukiweka chini kama winchi inavyoweka kontena.

Wiki ya kwanza walibishana kuhusu ipi ni nzuri zaidi, na hawakufika popote, kwa sababu njia hizi hazilinganishwi hewani hewani. Ukitaka kuzilinganisha, anza na swali hili: parachuti ikishamaliza kazi yake, inakukabidhi chombo kikiwa na kasi gani? Jibu la hapo ndilo linaloamua mengine yote.

Zote tatu zinaanza safari moja

Chukua mfano wa Perseverance, kigari cha kilo 1,025 kilichotua kwenye kreta ya Jezero tarehe 18 Februari 2021. Kiligusa hewa ya Mirihi kikiwa na kasi ya kama kilomita 19,500 kwa saa. Kwa kasi hiyo, Dar hadi Morogoro kwa njia ya angani ni kama nusu dakika.

Hewa ya Mirihi ni nyepesi mno. Mgandamizo wake usoni mwa sayari haufiki asilimia moja ya huu tunaoishi nao hapa pwani, na uzito wa hewa yenyewe kwa kila mita ya ujazo ni kama sehemu moja ya sitini ya hewa yetu. Mtu anaweza kudhani kwamba hewa ya namna hiyo haina neno. Ina neno, tena mara mbili. Ni nzito kiasi cha kukuunguza, halafu ni nyepesi kiasi cha kushindwa kukusimamisha.

Kuunguza kunatokana na kasi. Chombo kinapokimbia namna ile, hewa iliyo mbele yake haipati nafasi ya kukwepa. Inasongwa, inapata joto kali, na joto hilo linarudi kwenye chombo. Ngao ya joto ya Perseverance ilitarajiwa kufika nyuzi 1,300 hivi, wakati alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660. Ngao hiyo haijengwi kwa chuma kinachostahimili moto. Imefunikwa vigae vyepesi vya nyuzi za kaboni zilizolowekwa utomvu wa kiwandani, na vigae hivyo vimekusudiwa kuungua. Utomvu unageuka gesi, gesi inatoka nje ikiondoka na joto, na inabaki ganda jeusi kama mkaa linalokinga kilicho ndani. Kigari kilichotangulia, Curiosity, awali kilipangiwa ngao ya aina nyingine, ile iliyozoeleka tangu vyombo vya Viking. Ilipopelekwa kwenye majaribio ya moto mwaka 2007 iliharibika namna isiyokubalika, wahandisi wakalazimika kubadili wakati ujenzi umeshaendelea.

Ngao ndiyo breki kubwa kuliko zote, na hapa wanafunzi wengi hushangaa. Parachuti ya Perseverance ilifunguka kwenye urefu wa kilomita 11 hivi, kasi ikiwa imeshuka hadi kama kilomita 1,500 kwa saa. Kwa kuwa nishati ya mwendo inafuata mraba wa kasi, ukipiga hesabu utaona kwamba hadi hapo ngao ilikuwa imeshaondoa zaidi ya asilimia 99 ya nishati yote. Kilichobaki hakifiki asilimia moja. Asilimia hiyo moja ndiyo iliyoua vyombo vingi.

Kosa liko kwenye umbo na ukubwa. Ukikuza chombo mara mbili kwa kila upande, eneo la ngao linaongezeka mara nne lakini kilo zinaongezeka mara nane. Kwa hiyo kadiri mzigo unavyokuwa mkubwa, kila mita ya mraba ya ngao inabebeshwa kilo nyingi zaidi, chombo kinapasua hewa bila kupungua kasi mapema, na kinafika chini kabisa bado kinakimbia. Dawa ingekuwa ngao pana zaidi. Lakini ngao lazima iingie kwenye pua ya roketi inayoibeba kutoka Duniani. Ya Perseverance ilikuwa na upana wa mita 4.5, na pua ya roketi yake ilikuwa ya kama mita 5. Nafasi ilikuwa imeisha.

"Mwalimu, si tuweke parachuti kubwa zaidi?"

Hilo aliniuliza msichana mmoja anayekaa dawati la mbele, na ni swali zuri kuliko mengi niliyosoma kwenye madaftari. Tuliliandika ubaoni. Parachuti ikishatulia, chombo hushuka kwa kasi ambayo msuguano wa hewa unalingana na uzito:

```
v = sqrt(2·m·g / (ρ·C·A))
```

Tukachukua mzigo wa kilo 2,500, kwa sababu parachuti haibebi kigari peke yake. Inabeba pia gamba la nyuma, roketi na mafuta. Mvutano wa Mirihi ni 3.71. Hewa karibu na ardhi tuliipa kilo 0.015 kwa kila mita ya ujazo. Parachuti ya Perseverance ilikuwa na kipenyo cha mita 21.5, ambacho ni eneo la mita za mraba 363, na kwa umbo lake tulitumia kigezo cha ukinzani cha 0.65. Jibu: mita 72 kwa sekunde, yaani kilomita 260 kwa saa. Hiyo ni kasi ya kutulia, baada ya parachuti kufanya yote inayoweza. Mzigo uleule na parachuti ileile hapa Dar, pamoja na kwamba mvutano wa Dunia ni mkubwa zaidi, ungeshuka kwa kilomita 47 hivi kwa saa.

Akasema, basi tuikuze hadi kasi iwe kilomita 20 kwa saa. Tukageuza hesabu. Lilihitajika eneo la mita za mraba zaidi ya 60,000. Uwanja wa mpira wenye vipimo vya kimataifa ni mita 105 kwa 68, kwa hiyo tunazungumzia kitambaa kinachofunika viwanja tisa kama kile cha Benjamin Mkapa, vikiwa vimeshonwa pamoja, kikunjwe ndani ya chombo kinachoingia kwenye pua ya roketi, kisha kifunguke bila kujiviringisha. Hakuna aliyeuliza tena.

Hata kile cha mita 21.5 si jambo dogo. Kinafunguliwa chombo kikiwa bado kinakwenda kasi kuliko sauti, ambapo hewa inapita kwa misukosuko nyuma ya gamba. Mwezi Septemba 2018, katika jaribio la mwisho kabla ya safari, parachuti ya aina hiyo ilirushwa kwa roketi hadi kwenye hewa nyembamba ya juu ya Dunia. Ilijaa kwa muda usiofika nusu sekunde, na mvuto kwenye kamba zake ulikaribia uzito wa tani 30. Hapa Kurasini kila mtu anaijua tani 30: ni kontena la futi arobaini lililojazwa hadi mwisho wa ruhusa yake. Ule uzito wote uingie kwenye nailoni kwa mpigo mmoja.

Na wanaotaka kukuza wameshajaribu. Mwaka 2014 na 2015 Nasa walijaribu juu ya bahari ya Hawaii parachuti yenye upana wa mita 30. Mara zote mbili ilichanika.

Kwa hiyo parachuti inakukabidhi chombo kikiwa na kasi ya gari la mashindano, na ardhi iko kilomita mbili chini. Sasa ndipo unapochagua.

Mifuko ya hewa

Njia hii ni ya kupendwa kwa sababu haijali sana ardhi ikoje. Chombo cha Pathfinder, tarehe 4 Julai 1997, kilivishwa mifuko pande zote nne. Roketi ndogo ziliwaka sekunde za mwisho kupunguza kasi, kamba ikakatwa, kikadondoka na kudunda mara zisizopungua 15 kabla ya kutulia. Kigari kilichokuwa ndani, Sojourner, kilikuwa na kilo 10 na ushee. Mwaka 2004 Spirit na Opportunity, vyenye kama kilo 180 kila kimoja, vilitua kwa njia hiyohiyo.

Zingatia hizo kilo. Kutoka 10 hadi 180 tayari wahandisi walipata tabu: katika majaribio mifuko ilichanwa na mawe, ikabidi waongeze tabaka za kitambaa. Kila tabaka ni kilo nyingine, na kilo hizo nazo zinataka mifuko imara zaidi. Tena kigari chenyewe hakitui mifukoni peke yake. Lazima kiwe ndani ya boksi lenye kuta zinazofunguka kama petali za ua ili kijigeuze wima, na boksi hilo ni mzigo unaobaki pale pale siku zote. Ukijumlisha yote, kigari cha kilo 180 kilihitaji kitu kinachodunda chenye zaidi ya nusu tani. Kwa kigari cha tani moja hesabu inakataa kabla hujafika kwenye kitambaa.

Kuna na shida ya kutoka. Spirit kilipotulia, mfuko mmoja haukurudi vizuri na ukaziba njia ya mbele. Kililazimika kugeuka juu ya jukwaa lake na kushukia upande mwingine, na hakikugusa udongo hadi siku ya kumi na mbili.

Lakini kama mzigo wako ni mdogo na unataka kutua penye mawe, mimi bado ningeichagua.

Miguu na roketi

Hii ndiyo njia ya zamani kuliko zote kwa waliofanikiwa vizuri. Viking 1 kilitua hivyo tarehe 20 Julai 1976, kikiwa na kama kilo 600. Phoenix mwaka 2008 na InSight mwaka 2018 vilifuata. Parachuti inaachwa, roketi zilizo chini ya chombo zinaendelea kupunguza kasi hadi miguu iguse, kisha zinazimwa. Kwa maabara isiyotembea, njia hii ina ushahidi wa kutosha.

Ugumu unaanza roketi inapokaribia udongo. Moto wake unachimba shimo na kurusha mawe juu, na chombo chenye tani moja kinahitaji moto mkubwa zaidi. Waliojenga Viking waliipa kila injini vinywa 18 vidogo badala ya kimoja kikubwa, ili moto usambae usichimbe. Halafu kama mzigo ni kigari, kigari kinakaa juu ya jukwaa, jukwaa liko juu ya matangi, matangi juu ya miguu. Chombo kizima kinakuwa kirefu, na mguu mmoja ukikanyaga jiwe kinainama. Kikiinama, njia ya kushukia inakwenda pembeni. Wachina waliimudu Mei 2021 kwa kigari Zhurong, lakini kilikuwa na kilo 240 na walichagua tambarare kubwa ya Utopia Planitia.

Jambo linalonikaa zaidi moyoni kuhusu miguu ni jinsi chombo kinavyojua kwamba kimefika. Tarehe 3 Desemba 1999 Mars Polar Lander kilishuka kuelekea ncha ya kusini ya Mirihi, na hakikusikika tena. Uchunguzi ulifikia sababu iliyo karibu zaidi na ukweli. Miguu yake ilikuwa imekunjwa, na ilipokunjuka angani ilipata mtikiso. Vihisio vya miguu viliusoma mtikiso ule kama mguso wa ardhi. Programu iliitunza habari hiyo ya uongo kwenye kumbukumbu. Chombo kilipofika mita 40 kutoka ardhini, programu ikaruhusiwa kuangalia kama kimeshagusa, ikakuta jibu la "ndiyo" linasubiri, ikazima injini. Kutoka pale kilianguka chenyewe na kupiga ardhi kwa kama kilomita 80 kwa saa.

Nasema "iliyo karibu zaidi na ukweli" kwa sababu chombo hicho hakikuwa kinatuma taarifa wakati wa kushuka. Linganisha na Schiaparelli cha Shirika la Anga la Ulaya, tarehe 19 Oktoba 2016. Parachuti ilipofunguka chombo kiliyumba, kipimo cha mzunguko kikazidiwa kwa kama sekunde moja, na kompyuta ikajumlisha kosa lile hadi ikaamini kwamba chombo kiko chini ya ardhi. Ikaachia parachuti, ikawasha roketi sekunde tatu tu, ikazima. Kwa kweli kilikuwa kwenye urefu wa kilomita 3.7. Hiki kilikuwa kinatuma taarifa hadi mwisho, ndiyo maana tunajua mlolongo wote sekunde kwa sekunde. Kwa yeyote anayechagua njia ya kutua, mimi ningeweka sharti hili juu ya mengine: kizungumze yote kinayopitia wakati kinashuka.

Winchi ya angani

Baba wa mwanafunzi wangu mmoja ni mwendesha winchi bandarini. Nilimwomba aje darasani, akakubali Jumamosi moja. Nikamwonyesha mchoro: mtambo wenye roketi nane unaelea, chini yake kigari kinaning'inia kwenye kamba. Aliutazama muda, kisha akasema, "Mwalimu, hapa kazi si kushusha. Kazi ni mzigo usiyumbe. Mimi nikitaka kontena litue sawasawa, kwanza nauua mwendo wa pembeni wote, ndiyo naachia kamba."

Ndivyo ilivyofanyika. Perseverance ilipokuwa kwenye urefu wa kilomita 2 hivi, mtambo wa roketi ulijichomoa kwenye gamba na parachuti, ukajisogeza pembeni parachuti isije kuuangukia, ukaua mwendo wa pembeni, ukashuka wima. Kwenye urefu wa mita 20 kasi ilikuwa imebaki sentimita 75 kwa sekunde, pungufu ya mwendo wa mtu anayetembea taratibu. Hapo kamba tatu za nailoni zikaachiwa pamoja na waya wa mawasiliano, kigari kikashuka chini ya mtambo, magurudumu yakakunjuka, na vyote viwili vikaendelea kushuka kwa kasi ileile hadi magurudumu yakagusa.

Faida ya kwanza ni kwamba roketi ziko juu, mbali na udongo. Hazichimbi kama zingekuwa chini ya tumbo, ingawa hata hapo mawe yanaruka. Curiosity kilipotua Agosti 2012 kihisio chake kimoja cha upepo kilikutwa kimeharibika, na inadhaniwa ni changarawe zilizorushwa na moto. Faida ya pili ni kwamba hakuna jukwaa, hakuna miguu, hakuna njia ya kushukia. Kigari kinatua kwa magurudumu yake, yaliyojengwa kukanyaga mawe hata hivyo, na mzigo wote uliobaki Mirihi ni mzigo unaofanya kazi.

Ya tatu ndiyo iliyomfurahisha mgeni wetu. Chombo kinajuaje kimefika? Hakuna swichi ya kugusa. Kompyuta inaangalia roketi zinasukuma kwa nguvu kiasi gani. Kigari kikishaketi ardhini, roketi zinabeba mtambo tu, kwa hiyo nguvu inayohitajika inashuka kama nusu na kubaki hapo. Ikibaki hivyo kwa muda wa kutosha, visu vinakata kamba, na mtambo unaruka kwenda kuangukia mbali. Baba yule alicheka kwa furaha. "Nasi hivyohivyo," alisema. "Kamba ikilegea, kontena limekaa." Mtikiso wa sekunde moja hauwezi kuidanganya njia hii kama ulivyoidanganya ile ya mwaka 1999.

Gharama ipo. Kuna mambo mengi yanayopaswa kutokea kwa mpangilio, moja likigoma yote yamekwisha, na haiwezekani kuujaribu mfululizo mzima hapa Duniani kwa sababu mvutano wetu na hewa yetu haviruhusu. Siku ile ishara ya redio ilichukua zaidi ya dakika 11 kufika kwetu, wakati kushuka kote kulichukua dakika saba. Watu walipopata habari kwamba chombo kimeanza kugusa hewa, tayari kilikuwa kimeshatua au kimeshavunjika.

Ningechagua hivi

Mzigo usiozidi kilo mia mbili, sehemu yenye mawe, na hujali sana kutua mahali maalumu: mifuko ya hewa. Kituo kisichotembea cha kilo mia chache, au kigari chepesi kwenye tambarare: miguu na roketi. Kigari cha tani moja, winchi, na sioni mshindani. Vikundi vinne kati ya vitano darasani vilifika hapohapo. Cha tano kilishikilia miguu, na hoja yao ilikuwa nzuri: kama chombo kitapaswa kurusha sampuli kurudi Duniani, kinahitaji jukwaa thabiti, na winchi haiachi jukwaa. Niliwapa alama zote.

Zaidi ya tani moja, hakuna hata moja kati ya hizi inayotosha kama ilivyo, kwa kuwa ngao na parachuti zimefika mwisho wa ukubwa wake. Chombo cha kubeba watu kingekuwa na tani makumi. Yapo mambo mawili yanayojaribiwa. La kwanza ni ngao ya kujazwa upepo, inayokunjwa kwenye pua ya roketi na kutanuka ikiwa angani. Novemba 2022 Nasa waliirudisha Duniani salama ngao ya namna hiyo yenye upana wa mita 6. La pili ni kuwasha roketi mapema, chombo kikiwa bado kinakwenda kasi kuliko sauti, na kuiruka parachuti kabisa. Roketi za Falcon 9 zinaporudi kutua hufanya hivyo zikiwa juu sana, mahali ambapo hewa yetu ni nyembamba kama ya Mirihi.

Yule msichana wa dawati la mbele ameshachukua hesabu ya hilo la pili. Jumatatu atatuletea jibu la mafuta yanayohitajika kwa tani 20.